Kwa Nini Riba Ipande Kuliko Mfumuko wa Bei: Sharti la Taylor na Uzoefu wa Kenya wa Mwaka 2011

Ikisiri

Makala hii inafafanua sharti moja la sera ya fedha: kwamba mfumuko wa bei unapopanda kwa pointi moja ya asilimia, benki kuu haina budi kupandisha riba yake ya sera kwa zaidi ya pointi moja. Sharti hili linaelezwa kwa njia ya riba halisi, kisha kwa hesabu fupi inayoonesha jinsi namba moja inavyotenganisha uchumi unaorejea kwenye lengo lake na uchumi unaozidi kulikimbia. Baada ya hapo unachambuliwa uzoefu wa Kenya kati ya Januari 2011 na katikati ya mwaka 2012. Sehemu za mwisho zinajadili ugumu wa kulipima sharti hili kwa takwimu na mipaka yake katika nchi ambamo chakula na mafuta hubeba uzito mkubwa katika fahirisi ya bei.

1.0 Utangulizi

Katika mwaka 1993 mwanauchumi wa Marekani, John B. Taylor, alichapisha makala iliyoonesha kwamba mwenendo wa riba ya Benki Kuu ya Marekani katika miaka ya karibu na wakati huo ungeweza kuelezwa vizuri kwa mlinganyo mmoja mfupi. Tukiandika `i` kwa riba ya sera, `m` kwa mfumuko wa bei wa mwaka na `y` kwa pengo kati ya pato halisi na mwelekeo wake wa kawaida, vyote kwa asilimia, mlinganyo huo ni:

```
i = 2 + m + 0.5(m - 2) + 0.5y
```

Namba 2 ya kwanza ni riba halisi ya kawaida, na ile iliyo ndani ya mabano ni lengo la mfumuko wa bei. Msomaji anayeupitia mlinganyo huu kwa haraka huona kwamba mfumuko wa bei umepewa uzito wa 0.5, sawa na ule wa pengo la pato. Kusoma hivyo ni kukosea. Herufi `m` imetokea mara mbili: mara ya kwanza ikiwa peke yake, na mara ya pili ndani ya mabano. Kwa hiyo mfumuko wa bei ukipanda kwa pointi moja, riba hupanda kwa pointi moja na nusu. Kizigeu cha mfumuko wa bei, yaani namba inayouzidisha, ni 1.5.

Makala hii inahusu kizigeu hicho. Haidai kwamba 1.5 ndiyo namba bora, wala kwamba benki kuu yoyote inapaswa kufuata mlinganyo wa Taylor neno kwa neno. Hoja yake ni finyu zaidi. Mpaka ulio muhimu ni namba 1: benki kuu iliyo juu ya mpaka huo na ile iliyo chini yake zinaweza kupandisha riba zote mbili, na zote mbili zikasifiwa kuwa zinapambana na mfumuko wa bei, ilhali moja inauzima na nyingine inauchochea. Sharti la kuwa juu ya mpaka huo ndilo tunaloliita hapa sharti la Taylor.

2.0 Riba tajwa na riba halisi

Kiini cha sharti hili kimo katika tofauti kati ya riba inayotajwa kwenye mkataba na riba anayoihisi mkopaji. Mfanyabiashara anayekopa kwa riba ya asilimia 12 huku akitarajia bei za bidhaa zake kupanda kwa asilimia 4 atalipa, kwa kipimo cha bidhaa, takribani asilimia 8. Akitarajia bei zipande kwa asilimia 12, mkopo huo huo haumgharimu kitu. Akitarajia zipande kwa asilimia 15, mkopeshaji ndiye anayemlipa yeye akope. Riba halisi ni riba tajwa ukitoa mfumuko wa bei unaotarajiwa, nayo ndiyo inayoamua kama mtu ataahirisha ununuzi au atauharakisha.

Sasa tuchukulie kwamba mfumuko wa bei, na pamoja nao matarajio, umepanda kutoka asilimia 5 hadi asilimia 10. Benki kuu inapandisha riba yake kutoka asilimia 7 hadi asilimia 11. Magazeti yataandika kwamba benki kuu imekaza kamba, kwa kuwa pointi nne si haba. Lakini riba halisi, iliyokuwa 2, sasa ni 1. Mikopo imekuwa rahisi kuliko ilivyokuwa kabla ya hatua hiyo. Kwa kupandisha riba tajwa kwa kiasi kilicho pungufu ya mfumuko wa bei, benki kuu imelegeza sera yake.

Mahitaji yataongezeka kwa sababu kukopa kumekuwa rahisi na kuweka akiba kumekosa maana. Ongezeko la mahitaji litasukuma bei, bei zitapandisha matarajio, na matarajio yatashusha tena riba halisi. Msweden Knut Wicksell aliueleza mzunguko wa namna hii mwaka 1898, alipoonesha kwamba riba ya soko ikikaa chini ya riba asilia bei hupanda mfululizo bila kujizuia. Mchango wa kizazi cha Taylor ulikuwa kuonesha ni kanuni gani ya uamuzi inayoukata mzunguko huo kabla haujaota mizizi.

Ili kuukata, riba tajwa inapaswa kuongezeka kwa kiasi kinachofidia mfumuko wa bei wote na kubakiza ziada. Sehemu ya fidia huirudisha riba halisi pale ilipokuwa, na ni ziada peke yake inayopunguza mahitaji. Katika kizigeu cha 1.5, moja ni fidia na nusu ndiyo sera.

3.0 Hesabu ya mpaka

Hoja ya sehemu iliyotangulia inaweza kuwekwa katika hesabu fupi. Tuchukulie uchumi sahili wenye sifa tatu. Kwanza, benki kuu inafuata kanuni ambamo riba hujibu tofauti kati ya mfumuko wa bei na lengo, kwa kizigeu `k`. Pili, riba halisi ikizidi kiwango chake cha kawaida, pato hushuka chini ya mwelekeo wake. Tatu, pato likishuka, mfumuko wa bei wa kipindi kinachofuata hupungua. Tuchukulie pia kwamba watu hutarajia kesho iwe kama leo. Tukiandika `d` kwa umbali wa mfumuko wa bei kutoka kwenye lengo, na `c` kwa nguvu ya jumla ya riba halisi juu ya mfumuko wa bei, matokeo ni haya:

```
d(kesho) = [1 - c(k - 1)] d(leo)
```

Kilichomo ndani ya mabano ya mraba ndicho kinachoamua hatima ya umbali huo. Kikiwa kati ya sifuri na moja, umbali hupungua kila kipindi. Kikizidi moja, umbali hukua. Alama ya `k - 1` ndiyo inayoamua lipi litokee, na hapo ndipo namba 1 inapopata umuhimu wake.

Tuchukue `c` kuwa 0.4, na mshtuko uliosukuma mfumuko wa bei pointi 5 juu ya lengo. Ikiwa `k` ni 1.5, kizidisho ni 0.8, na umbali unakwenda 5, 4, 3.2, 2.6, 2.0. Uchumi unarejea nyumbani. Ikiwa `k` ni 0.8, kizidisho ni 1.08, na umbali unakwenda 5, 5.4, 5.8, 6.3, 6.8. Mshtuko ulitokea mara moja na ukapita, lakini mfumuko wa bei unaendelea kukua kwa nguvu zake wenyewe, huku riba tajwa ikipanda kila kipindi. Mtazamaji anayeangalia riba tajwa pekee ataona benki kuu yenye bidii isiyobahatika. Ikiwa `k` ni 1 kamili, umbali unabaki 5 daima, na kila mshtuko mpya unajumlishwa juu ya ule uliotangulia.

Hesabu hii inafunua pia mpaka wa upande wa pili, ambao mara nyingi husahauliwa. Katika mfano wetu, `k` ikizidi 6, kizidisho hushuka chini ya hasi moja, na uchumi huyumba: mfumuko wa bei huruka kutoka juu ya lengo hadi chini yake, kwa mawimbi yanayokua. Namba 6 imetokana na `c` tuliyoichagua na haina maana ya jumla. Lenye maana ya jumla ni kwamba pale ambapo sera hufanya kazi kwa kuchelewa, ukali uliopindukia nao huvuruga utulivu.

4.0 Matarajio yanayojitimiza

Hesabu iliyotangulia iliwachukulia watu kuwa wanaangalia nyuma. Wachumi wa leo huwachukulia zaidi kuwa wanaangalia mbele, na badiliko hilo hugeuza sura ya tatizo. Thomas Sargent na Neil Wallace walionesha mwaka 1975 kwamba ikiwa watu wana matarajio ya kimantiki na benki kuu imeshikilia riba mahali pamoja bila kujali bei, kiwango cha bei hakibainiki. Nadharia inaruhusu bei nyingi, na hakuna kitu katika uchumi kinachochagua mojawapo.

Sharti la Taylor linajibu tatizo hilo. Tuchukulie wafanyabiashara na wafanyakazi wameingiwa, bila sababu yoyote ya msingi, na imani kwamba mfumuko wa bei utapanda. Wenye maduka wanapandisha bei mapema, na vyama vya wafanyakazi vinadai mishahara mikubwa. Ikiwa kizigeu ni chini ya moja, imani hiyo inashusha riba halisi, mahitaji yanaongezeka, na bei zinapanda kweli. Imani iliyoanza bila msingi imejipatia msingi. Ikiwa kizigeu ni zaidi ya moja, imani hiyo hiyo inaleta riba halisi kubwa zaidi, mahitaji yanapungua, na aliyepandisha bei mapema anajikuta na shehena isiyouzika. Kwa kuwa kila mtu analijua hilo tangu mwanzo, imani yenyewe haipati mahali pa kushika.

Kwa hiyo neno utulivu lina maana mbili katika mjadala huu. Katika uchumi unaoangalia nyuma, kuvunja sharti kunamaanisha mfumuko wa bei unaokua bila kikomo. Katika uchumi unaoangalia mbele, kunamaanisha njia nyingi zinazowezekana, ambapo uvumi na hofu vinaweza kuuchagulia uchumi njia ya kupita. Mtafiti anapaswa kusema anazungumzia maana ipi, kwa kuwa dalili zake katika takwimu hazifanani. Maana ya kwanza huonekana kama mwelekeo wa kupanda, na ya pili kama mitikisiko isiyo na chanzo kinachoonekana.

Ushahidi mashuhuri zaidi wa hoja hii unatoka Marekani. Richard Clarida, Jordi Galí na Mark Gertler, katika makala ya mwaka 2000, walikadiria kizigeu cha Benki Kuu ya Marekani kuwa karibu 0.83 kwa kipindi cha kati ya 1960 na katikati ya 1979, na karibu 2.15 kwa kipindi kilichoanza na uongozi wa Paul Volcker mwaka 1979. Kipindi cha kwanza kiliishia katika mfumuko wa bei wa zaidi ya asilimia 14 mapema mwaka 1980. Katika kipindi cha pili ulirudi chini ya asilimia 4 kufikia mwaka 1983, lakini kwa gharama ya ukosefu wa ajira uliofikia asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. Gharama hiyo isiachwe nje ya simulizi. Pale ambapo matarajio yameshapotea, kuyarejesha hudai riba halisi kubwa, na anayeilipa ni mwenye kutafuta kazi.

5.0 Kenya, Januari 2011 hadi Julai 2012

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni wa Kenya. Mwezi Januari 2011 Benki Kuu ya Kenya ilishusha riba yake ya sera hadi asilimia 5.75. Mfumuko wa bei wa mwezi huo ulikuwa asilimia 5.42, karibu na lengo la asilimia 5. Kisha ukame ukapandisha bei za chakula, bei ya mafuta ikapanda katika soko la dunia, na shilingi ikaanza kudhoofika. Jedwali la 1 linaonesha yaliyofuata. Riba halisi katika jedwali hilo ni riba ya sera iliyotumika mwezi husika ukitoa mfumuko wa bei wa mwaka uliopimwa mwezi huo.

Jedwali la 1: Riba ya sera na mfumuko wa bei nchini Kenya (asilimia)

| Mwezi | Riba ya sera | Mfumuko wa bei | Riba halisi |
|---|---|---|---|
| Januari 2011 | 5.75 | 5.42 | 0.33 |
| Septemba 2011 | 7.00 | 17.32 | −10.32 |
| Oktoba 2011 | 11.00 | 18.91 | −7.91 |
| Novemba 2011 | 16.50 | 19.72 | −3.22 |
| Desemba 2011 | 18.00 | 18.93 | −0.93 |
| Februari 2012 | 18.00 | 16.69 | 1.31 |
| Juni 2012 | 18.00 | 10.05 | 7.95 |

Kati ya Januari na Septemba mfumuko wa bei uliongezeka kwa pointi 11.9, na riba ya sera kwa pointi 1.25. Uwiano wake ni karibu 0.1. Katika miezi hiyo riba ilipandishwa mara tatu, mwezi Machi, Mei na Septemba, na kila mara hatua hiyo ingeweza kuelezwa kuwa ni ya kukaza. Safu ya mwisho ya jedwali inasema vingine: riba halisi ilishuka kwa zaidi ya pointi kumi.

Dalili za ulegevu huo zilionekana nje ya fahirisi ya bei pia. Mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa ikikua kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka, jambo lisilotarajiwa katika uchumi ambao ukame umeupunguzia mapato. Dola ya Marekani, iliyouzwa kwa takribani shilingi 81 mwezi Januari, ilifika takribani shilingi 107 mwezi Oktoba. Hapa mzunguko wa Wicksell ulipata mlango wa ziada ambao nchi kubwa hauuhisi sana. Riba halisi iliyo hasi humfanya mwenye shilingi atake kuzibadilisha kuwa dola au bidhaa, sarafu inadhoofika, bei za mafuta na za bidhaa nyingine zinazoagizwa zinapanda kwa shilingi, na mfumuko wa bei unashusha tena riba halisi.

Mapinduzi ya sera yalikuja katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka. Riba ilipandishwa hadi 11 mwezi Oktoba, 16.5 mwezi Novemba na 18 mwezi Desemba. Ni ongezeko la pointi 11 katika muda ambao mfumuko wa bei uliongezeka kwa pointi 1.6 tu kutoka Septemba hadi Desemba. Shilingi ilirejea hadi karibu 85 kwa dola mwishoni mwa Desemba. Mfumuko wa bei ulifika kilele Novemba, ukashuka hadi asilimia 7.74 Julai 2012, mwezi ambao Benki Kuu ilianza kupunguza riba.

Jedwali linafunza jambo jingine lisiloonekana upesi. Kati ya Desemba 2011 na Juni 2012 riba ya sera haikuguswa, lakini riba halisi ilipanda kutoka karibu hasi 1 hadi karibu 8. Sehemu kubwa ya ukazaji ilitokea wakati ambapo Kamati ya Sera ya Fedha haikubadilisha kitu, kwa sababu mfumuko wa bei ulikuwa ukishuka chini ya riba iliyosimama. Wastani wa riba za mabenki kwa wakopaji ulikuwa umepanda kutoka karibu asilimia 14 mapema mwaka 2011 hadi zaidi kidogo ya asilimia 20 mapema mwaka 2012. Familia yenye mkopo wa nyumba wa riba inayobadilika iliilipa sera iliyochelewa kwa fedha taslimu. Hakuna njia ya kujua kwa hakika kiwango ambacho kingetosha endapo hatua zingechukuliwa mwezi Aprili, mfumuko wa bei ulipovuka asilimia 12. Mantiki ya sehemu ya tatu inasema tu kwamba umbali ukiachwa ukue, ziada inayohitajika baadaye hukua nao.

6.0 Tahadhari katika usomaji wa mfano huu

Ingekuwa kosa kusema kwamba riba ya asilimia 18 ndiyo iliyoushusha mfumuko wa bei wote. Mambo matatu yanapaswa kutenganishwa.

La kwanza ni chanzo cha mshtuko. Riba haileti mvua. Sehemu ya mfumuko wa bei wa 2011 ilikuwa mabadiliko ya bei za mahindi, sukari na mafuta ikilinganishwa na bei nyingine, na sehemu hiyo ingepita yenyewe. Nadharia haiitaki benki kuu ijibu kila bei ya unga. Inaitaka izuie mshtuko wa unga usienee kwenye kodi za nyumba, nauli na mishahara. Ndiyo maana watafiti wengi hupendelea kukitathmini kizigeu kwa kutumia mfumuko wa bei wa msingi, uliondolewa chakula na nishati, au mfumuko unaotarajiwa mwaka mmoja mbele. Kwa vipimo hivyo uwiano wa Kenya wa kabla ya Oktoba ungekuwa mkubwa kuliko 0.1. Hata hivyo, ukuaji wa mikopo na anguko la sarafu vinaonesha kwamba ulegevu ulivuka mipaka ya soko la chakula.

La pili ni hesabu ya kipimo chenyewe. Mfumuko wa bei wa mwaka hulinganisha bei za mwezi huu na za mwezi kama huu mwaka uliopita. Bei zilizoruka mwezi Aprili 2011 zilikuwa ndani ya msingi wa ulinganisho ilipofika Aprili 2012, hivyo sehemu ya mporomoko wa 2012 ni ya kihesabu. Anayetaka kujua lini mkondo uligeuka hasa aangalie mabadiliko ya fahirisi ya mwezi kwa mwezi.

La tatu ni kwamba riba halisi ya Jedwali la 1 inatumia mfumuko wa bei uliopita, ilhali mkopaji huamua kwa mfumuko anaoutarajia. Iwapo mwezi Novemba 2011 wengi walikwisha kuamini kwamba bei zingetulia, riba halisi waliyoihisi ilikuwa tayari chanya, ingawa jedwali linaonesha hasi 3.22.

7.0 Ugumu wa kulipima sharti

Wanafunzi wengi wanaokadiria kanuni za riba hukutana na mitego miwili. Wa kwanza ni wa usomaji wa matokeo. Benki kuu hubadilisha riba polepole, kwa hiyo mlinganyo unaokadiriwa huwa na riba ya kipindi kilichotangulia:

```
i(leo) = 0.8 i(jana) + 0.3 m(leo)
```

Anayesoma 0.3 na kuhitimisha kwamba sharti limevunjwa amechanganya jibu la kipindi kimoja na jibu la muda mrefu. Kizigeu cha muda mrefu ni 0.3 kugawanywa kwa 1 − 0.8, yaani 1.5. Sharti linahusu namba hii ya pili. Kwa upande mwingine, kosa dogo katika makadirio ya 0.8 huigeuza sana. Ingekuwa 0.65, kizigeu kingeshuka hadi 0.86 na hitimisho lingepinduka. Kwa sababu hiyo tasnifu inayotoa kizigeu cha muda mrefu bila kiwango chake cha uhakika haijajibu swali lake.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi. John Cochrane, katika makala ya mwaka 2011, alieleza kwamba katika mifano inayoangalia mbele, tishio la kupandisha riba kwa nguvu ndilo linalozuia mfumuko wa bei usiondoke kwenye lengo. Tishio likifaulu, halitekelezwi kamwe, na lisilotekelezwa haliachi alama katika takwimu. Aliongeza swali la msingi: mifano hiyo hupata msawazo mmoja kwa kuzikataa njia zote zinazolipuka, lakini haielezi kwa nguvu za kiuchumi kwa nini zisitokee.

Hoja hiyo inaigusa Tanzania moja kwa moja. Mwezi Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kutumia ujazi wa fedha kama nguzo ya sera na kuanza kutumia Riba ya Benki Kuu, iliyowekwa asilimia 5.5 na kupandishwa hadi asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huo, huku mfumuko wa bei ukiwa karibu na asilimia 3. Mtafiti atakayechukua takwimu za kipindi hicho atakuta mfumuko wa bei usiotikisika na riba isiyotikisika. Kutokana na hizo hawezi kupata kizigeu cha kuaminika, wala utulivu huo hauthibitishi kwamba kizigeu ni zaidi ya moja. Uthibitisho utapatikana siku mfumuko utakapopanda, kama ilivyokuwa kwa Kenya kuanzia Machi 2011.

Athanasios Orphanides alitoa onyo la namna nyingine kuhusu ushahidi wa Marekani. Alipotumia takwimu zilizokuwa mezani kwa watunga sera wakati ule, badala ya zile zilizosahihishwa baadaye, aliona kwamba katika miaka ya 1970 hawakuwa wazembe dhidi ya mfumuko wa bei. Tatizo lao lilikuwa kuamini kwamba pato lilikuwa chini mno ya uwezo wa uchumi. Kanuni nzuri iliyolishwa kipimo kibaya cha pengo la pato ilitoa riba mbaya. Katika nchi ambamo takwimu za pato la taifa husahihishwa mara kwa mara, onyo hili lina uzito zaidi.

8.0 Hitimisho

Sharti la Taylor linatoa swali moja ambalo kila uamuzi wa riba unaweza kuulizwa: je, baada ya hatua hii, riba halisi imepanda au imeshuka? Nchini Kenya jibu la hatua za Machi, Mei na Septemba 2011 lilikuwa kwamba imeshuka, na jibu la hatua za Oktoba hadi Desemba lilikuwa kwamba imepanda. Kati ya majibu hayo mawili shilingi ilipoteza karibu robo ya thamani yake na kuirejesha kwa sehemu kubwa, nao wakopaji wakabaki na riba za asilimia 20.

Sharti hilo halitaji kasi inayofaa, wala kipimo cha mfumuko wa bei kinachopaswa kutumika, wala namna ya kugawa maumivu ya marekebisho. Pia haliwezi kuthibitishwa kwa takwimu za nyakati tulivu. Utafiti unaoweza kuongeza maarifa katika ukanda huu ni ule utakaopima matarajio ya wafanyabiashara na kaya moja kwa moja, kwa hojaji za mara kwa mara, ili riba halisi inayotumika katika makadirio iwe ile ambayo watu waliihisi walipokuwa wakiamua kukopa.